Nukta ya Buluu

Waendesha pikipiki walimwita Mama Lenzi kwa sababu ya kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Duka lake la vipuri halikuzidi hatua nne kwa tatu. Ndani ya mlango wa kabati alikuwa amebandika orodha aliyoiandika kwa mkono, mistari minane, na hapakuwa na mzigo ulioingia bila kuipitia.

"Mama, unatafuta chawa humo?" fundi wa jirani alimtania kila alipomkuta ameinamia simu.

"Natafuta unaowaletea wateja wako."

Orodha ilikuwa wazi. Kwanza uwe na sampuli halisi, iliyonunuliwa kwa wakala na namba yake ya kukwangua kuthibitishwa na kiwanda. Kisha picha za muuza jumla zilinganishwe nayo: umbo la herufi, rangi ya boksi, namba ya kipuri, nembo iliyogandamizwa kwenye chuma, kingo za gamba jeusi la breki linalosugua. Mstari wa saba ulisema picha ipigwe leo, kando ya karatasi yenye tarehe. Wa nane ulisema mzigo ukifika, fungua maboksi matatu, pima uzito, kwangua namba.

Sampuli zake alizitia nukta ya wino wa buluu kwenye kona ya boksi, zisije zikauzwa kwa bahati mbaya.

Breki za nyuma ziliadimika wiki tatu. Wateja walikuja, wakatazama rafu tupu, wakaondoka. Alipompata muuza jumla mpya kwa simu, alimtumia picha kadhaa za sampuli yake. "Nataka kama hii." Kesho yake picha zikaja. Akakaa kwenye kigoda akazilinganisha, kioo jichoni. Herufi sawa. Nembo sawa. Kingo safi, gundi haikuvuja. Mistari sita akaitia alama bila kusita, tena kwa furaha, maana hakuwa amewahi kuona picha na sampuli zikipatana hivyo. Ule wa tarehe akauulizia. "Dada, kamera ya ghala imeharibika, hizi nilizipiga juzi," akajibiwa. Akaliacha.

Mzigo uliposhuka Alhamisi, wateja watano walikuwa wamesimama kauntani. Maboksi yakaenda rafuni moja kwa moja. Akauza jozi nne kabla ya saa sita.

Jumamosi duka lilipotulia, ndipo alipofungua boksi. Boksi la pili likawa na namba ya toleo ileile, la tatu vilevile. Hilo halikuwa ajabu kwa mzigo mmoja. Alikwangua namba ya siri, akaituma. Kiwanda kikajibu kwamba namba hiyo haijulikani. Akapitisha ukucha pembezoni mwa gamba. Likainuka kama gamba la kidonda.

Akairudia picha ya muuza jumla, akaikuza. Kwenye kona, iliyokatwa kidogo, palikuwa na nukta ya buluu.

Alikuwa amelinganisha sampuli yake na sampuli yake.

Kisha akamwita fundi.

"Zile za Alhamisi, akina nani walichukua?"

"Wawili nimewafungia mimi. Wa tatu yule mwenye koti la mvua. Wa nne Kipara." Akaliona boksi. "Usiniambie."

"Wapigie warudi. Kwa miguu, wasipande."

Wawili walirudi wakisukuma pikipiki. Mwenye koti alirudisha jozi ikiwa haijafungwa, akanung'unika kupotezewa siku. Simu ya Kipara iliita, ikaita, ikakatika. Mara ya tano ikapokelewa na mwanamke.

"Mimi mkewe. Tuko hospitali."

Kipara alikuwa akishuka mteremko na magunia mawili ya unga. Breki ilipopata moto gamba likabanduka, likabana gurudumu la nyuma, pikipiki ikampindukia. Paja limevunjika mara mbili, na daktari alikuwa bado hajasema kama mguu utabaki.

Mama Lenzi alimkuta amelala, uso umekauka, midomo ikitembea bila sauti. Mkewe alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kiatu kimoja mapajani.

"Wifi," alisema Mama Lenzi, "breki zile zilitoka kwangu. Ni bandia."

Mwanamke hakuinua sauti. "Yeye alipita maduka matatu yenye bei ndogo. Akasema, naenda kwa yule anayekagua." Akakigeuza kiatu. "Ulikagua?"

"Nilikagua."

"Ulikagua nini?"

Chumbani kulikuwa na vitanda sita, na wagonjwa wote walionekana kusubiri jibu.

"Picha," akasema.