Faini ya Maji ya Sabuni

Watu walimwita Mama Povu, naye hakukasirika, maana povu lilimlisha kwa miaka mingi. Alikuwa akifulia nyumba ya wageni iliyo nyuma ya kituo cha mafuta: mashuka, foronya, taulo, mapazia. Mumewe aliondoka na mwanamke mwingine zamani, akamwachia mama mkwe mgonjwa ambaye yeye mwanawe hakumkumbuka hata kwa salamu. Mama Povu akamtunza huyo bibi, pamoja na wajukuu zake mwenyewe wawili, kwa mikono yake miwili.

Faini ilitokana na shimo. Shimo la maji machafu kwenye ua wa nyumba aliyopanga lilijaa, mwenye nyumba akaambiwa, akasema ndiyo ndiyo, akalala. Maji ya sabuni yakafurika hadi barabarani. Bwana afya alipokuja hakumtafuta mwenye shimo, alimtafuta mwenye beseni. Mahakamani Mama Povu akaambiwa alipe faini kabla ya mwezi fulani kwisha, akishindwa aende jela. Akaimeza, chungu ilivyo. Kazi ipo, alijisemea, nitalipa.

Kisha kazi ikakatika. Meneja alimwambia mlangoni, bila hata kumkaribisha kiti, kwamba wamenunua mashine za kufulia, asante kwa huduma yake.

Hapo ndipo udadisi ulipomwingia, ukawa kama kijiti kwenye jino. Alipita nyuma ya ile nyumba ya wageni asubuhi, akasimama akijifanya anafunga kiatu. Hakusikia mngurumo wowote. Aliona mashuka yameanikwa, kila mawili yamebanwa kwa kibanio kimoja, pembe zikigusa ardhi. Mashine gani hii, alijiuliza, inayobana mashuka kivivu namna hii? Alirudi siku nyingine, akaona vilevile. Nani anafua mashuka yangu?

Lakini faini haikungoja jibu. Tarehe ilikuwa inasogea, na usiku aliwatazama wale wajukuu wamelala akajiuliza nani atawapikia akiwa ndani. Akajifunga kanga akaenda mahakamani kuuliza. Karani wa pale, kijana mwenye miwani iliyofungwa uzi, hakumfokea. Alimweleza kwamba amefanya vizuri kuja kabla ya tarehe kupita, kwa sababu baada ya hapo angetafutwa kwa hati ya kukamatwa. Aombe kwa maandishi, aseme ni kitu gani kimebadilika tangu siku ya hukumu, kipato kilikuwaje na sasa kikoje, na anatunza nani. Kisha alete kitu au mtu wa kuthibitisha.

"Mimi kusoma sijui, baba," alisema.

Karani akaandika, akamsomea neno kwa neno, akarudia pale alipoomba kurudiwa, naye Mama Povu akapiga alama ya dole gumba baada ya kuridhika. Aliuliza maswali mengi kupita alivyotakiwa: kwa nini nakala ni tatu, kwa nini muhuri unapigwa pembeni, yule aliyekaa chini ya dirisha anangojea nini. Karani alicheka, akasema hajawahi kuhojiwa hivi hata na hakimu mwenyewe.

Tatizo likawa uthibitisho. Kazi yake haikuwa na karatasi. Alipewa mashuka kwa mdomo na kulipwa mkononi. Meneja hakutaka hata kuonana naye. Akabaki mtu mmoja aliyejua kila kitu: msimamizi wa vyumba, Bibi Funguo, shoga yake wa miaka yote, aliyemhesabia mashuka kila wiki. Tangu kazi ilipokatika, Bibi Funguo alikuwa akivuka barabara akimwona.

Mama Povu alimfuata hadi jikoni kwake. Hakuketi.

"Shoga, sikuja kugombana. Nataka uje useme mbele ya hakimu kwamba nilikuwa nafua, na sasa sifui."

Bibi Funguo alikoroga chai isiyohitaji kukorogwa. Alisema atakuja. Hakumtazama usoni.

Siku ya kusikilizwa, Mama Povu alikosea kwa namna ambayo mfuaji peke yake angeweza kukosea. Alifua gauni lake, akalitia wanga, akalipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama kama visu. Viatu aliazima kwa jirani, mkoba kwa binamu. Alipoitwa mbele, hakimu, mwanamke mwenye sauti ndogo, alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Unasema huna kipato, mama. Lakini umependeza sana."

Watu wakacheka chinichini. Mama Povu alihisi masikio yanawaka.

"Mheshimiwa, gauni ni la zamani, wanga ni wa kwangu. Viatu si vyangu, na vinanibana."

Sasa hata hakimu alitabasamu kidogo. Kisha akaanza kuuliza kwa utulivu: analipa kodi kiasi gani, watoto wanasoma, yule bibi anatumia dawa gani, kuna kitu cha kuuza, sasa anaishi kwa nini. Mama Povu alijibu kila swali. Anafulia majirani wachache, alisema, na hapo alitaja kiasi bila kuongeza wala kupunguza. Hakimu aliandika yote.

"Na hii kazi ya nyumba ya wageni, imekwisha kabisa, au umesimamishwa tu mpaka mwezi ujao? Nisije nikakupa muda kumbe kesho unarudi kazini."

"Nimeambiwa wamenunua mashine, mheshimiwa."

Bibi Funguo akaitwa, akaapishwa. Alithibitisha kwamba Mama Povu alifua pale miaka mingi, na kwamba sasa hapewi hata foronya. Hakimu akauliza mashine zilinunuliwa lini.

Bibi Funguo alizishika funguo zilizokuwa kiunoni mwake.

"Hakuna mashine, mheshimiwa."

"Nani anafua?"

"Mkwe wangu. Nilimwombea mimi kwa meneja. Nilisema huyu ana kesi, atafungwa, tutabaki bila mfuaji. Kazi haitarudi, mheshimiwa. Mkwe wangu yupo."

Mama Povu hakusikia hasira kwanza. Alisikia kitu kama kufunguka kwa fundo. Basi ndiyo maana. Basi ndiye yule anayebana mashuka mawili kwa kibanio kimoja. Hasira ilifuata baadaye, ikaketi mahali pake.

Hakimu alisema kiasi cha faini hakigusi, hukumu ilikwisha kutolewa, na kupunguza ni kwa mahakama ya juu kwa njia ya rufaa. Lakini namna ya kulipa iko mikononi mwake. Ameridhika kwamba kipato kimeanguka na hakitarudi karibuni. Atalipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, kiasi kinacholingana na hali yake. Akiruka mwezi mmoja bila kuja kueleza, kinachobaki kitadaiwa chote kwa mara moja. Ameelewa?

"Nikiona mwezi unanishinda, nije kabla?"

"Kabla. Siyo baada."

Nje, kwenye ngazi za mahakama, Mama Povu alivua vile viatu akavishika mkononi. Bibi Funguo alisimama hatua chache nyuma yake, kama mtu anayengojea kufukuzwa.

"Ungeweza kusema mashine," Mama Povu alisema bila kugeuka. "Hakuna aliyekuwa anajua."

"Wewe ulikuwa unajua. Nilikuona ukifunga kiatu kisicho na kamba."

Mama Povu alikaribia kucheka, akajizuia. Hakutaka kumpa zawadi hiyo bado.

"Mkwe wangu ana mimba," Bibi Funguo akaendelea, polepole. "Mashuka ya ghorofa ya chini yanamshinda. Nitasema na meneja leo. Kama utayataka."

Mama Povu aliwaza mwisho wa mwezi. Aliwaza pia zile pembe zilizogusa ardhi. Msamaha haukuwemo popote alipotazama ndani yake, na hakuutafuta sana.

"Yanatoka siku gani?" aliuliza.