Kisanduku Kitupu cha Madame Feza

Kila asubui, mbele ya kuingia darasani, Madame Feza alikuwa anasugua chaki yake ku simenti ya mulango mpaka inatoka ncha. Banafunzi ba école pédagogique, shule ya kutosha balimu, banacheka: "Madame ananoa kisu!" Hakukasirika. Alikuwa muntu wa kupenda kitu ionekane wazi.

Mwaka huu préfet, mukubwa wa shule, Monsieur Éliézer, alimupa kazi. Kila finaliste, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, anafundisha batoto leçon moja mbele ya jury ya bantu batatu, na jury inamupa points. Jury ilitumia karatasi ya zamani, maneno matupu: "Leçon muzuri sana: mwalimu anajua somo, sauti inafika nyuma, tableau ya kuandikia iko safi, na darasa inamufuata." Chini yake leçon muzuri, ya kati na mubaya, kila moja na maneno yake. Jury inasoma yote, kisha inachagua kwa moyo. Mwaka jana Naomie, binti ya soda, askari wa kambi ya Base, alianguka, na hakuna aliyeweza kumuambia alianguka juu ya nini. Sasa baba yake amepata mutation, banamuhamisha kazi. Familia inahama; akianguka tena, yeye anaenda bila diplôme.

Kazi ya Madame Feza ilikuwa kugeuza ile maneno kuwa grille, karatasi ya visanduku. Alikata kila sentensi, kila jambo ku mustari wake: somo, sauti, tableau, darasa. Juu akaandika ngazi ine na points: muzuri sana tano, muzuri ine, ya kati mbili, mubaya sufuri. Minyi, muuza mikate wa mulango ya shule, nilimuona anajaza visanduku polepole, kisha mukono ikasimama. Ile maneno ya zamani, ku leçon muzuri, haikusema kitu juu ya tableau. Kisanduku ilibaki kitupu.

Akaenda kwa préfet.

"Papa Préfet, kati ya 'safi' ya muzuri sana na 'imechanganyika' ya leçon ya kati hakuna kitu. Tuweke nini?"

"Jaza weye mwenyewe, Madame. Kisanduku moja njo inakunyima usingizi?"

Aliandika "safi kidogo", akaacha grille kwa préfet, akabaki na kopi. Lakini roho haikutulia. Akaomba Maître Nicodème na Mama Mbombo, balimu benzake, bajaribu grille ku leçon ya Jéthro, finaliste mwingine. Ku somo, sauti na darasa balipatana. Ku tableau, Nicodème mbili, Mama Mbombo ine.

"Sasa 'safi kidogo' njo nini?" Mama Mbombo akacheka. "Kama sahani yenye bwana yangu ameosha?"

Madame Feza hakucheka. Aliona kosa yake: alipima kwa neno, hakuandika kitu yenye jicho inaona. Akafuta, akaandika: "Maandishi inasomeka toka nyuma; kosa moja ao mbili zimefutwa." Bakajaribu tena ku leçon ingine. Bote babili: ine.

Akakimbia kwa préfet na karatasi mupya. Ile ya kwanza ilikuwa imeshapigwa muhuri na fotokopi.

"Muhuri imepita, Madame. Tutatengeneza mwaka kesho."

"Papa, kuko mutoto ataangukia mu ile kisanduku."

"Acha kuita mabaya."

Siku ya jury, minyi nilikuwa inje na beseni ya mikate, chini ya dirisha bila vioo. Ndani, ku meza: préfet, Nicodème, Madame Feza. Naomie alifundisha maji inaenda wapi jua ikiipiga. Sauti ilikuwa inatetemeka, haikufika nyuma. Lakini somo alijua. Akaandika "mvuke" vibaya, akafuta kwa kiganja, akaandika upya, herufi kubwa. Minyi inje niliisoma. Madame Feza alikuwa anafinya kitambaa chini ya meza.

Naomie alipotoka, bakahesabu. Somo ine. Sauti sufuri. Darasa mbili.

"Tableau, ine," Madame Feza akasema.

"Mbili," préfet akasema. "Kuko alama ya mukono."

Madame akageukia Nicodème. "Maître, weye tulijaribu pamoja."

Nicodème aliangalia viatu vyake. "Mama, karatasi yenye muhuri inasema 'safi kidogo'. Na minyi... mbili."

Babili juu ya moja. Yote pamoja nane. Kwa kupita ni kumi.

Préfet akasukuma procès-verbal, ile karatasi ya matokeo yenye bote batatu banasaini. Nicodème alisaini. Madame Feza alishika bic, kalamu yake, akaisoma ile karatasi yote, akairudisha mezani bila kusaini.

"Saini, Mama," préfet akasema. "Bila saini yako hii leçon haihesabike, tutamupitisha upya!"

"Njo mumupitishe upya. Na ile grille ingine."

"Na weye utabaki mwalimu wa wapi?"

Madame Feza alisimama, akafunga kitenge vizuri, akatoka. Alipita mbele ya Naomie, mwenye alikuwa anakaa ku ngazi na chaki mikononi, akamugusa bega. Akavuka uwanja mu jua, bila kukimbia. Kesho yake darasa ilimungojea. Hakurudia tena, na procès-verbal ya Naomie ilibaki bila saini yake.