Mihtasari ya Kijiji Iliyopindapinda

Neno lililommaliza Mzee Mhina Semkiwa lilikuwa fupi: hakuna. Sikudhani, karani wa kumbukumbu pale Muheza, ndiye aliyelipeleka kwenye baraza la ardhi. Mzee alidai mkutano wa kijiji ulimpa baba yake shamba miaka ya sabini. Sikudhani aliandika jina kwenye kompyuta, kompyuta haikuona kitu, naye akajibu hivyo. Baraza likampa shamba mpinzani.

Ofisini pale kazi ilipimwa kwa wingi wa kurasa, basi Sikudhani alikimbiza. Alipitisha karatasi kwenye skana kwa nukta mia na hamsini tu kwa inchi, majalada manene akiyalaza kwenye kioo bila kuyafungua nyuzi, na maandishi yakatoka yamepinda. Mashine ya kusoma maandishi ililetwa imewekwa Kiingereza, ikabaki hivyo. Picha zilipendeza kwenye skrini, na hakuna aliyeuliza mashine inasoma nini ndani yake.

Miezi ikapita. Siku moja alifungua maandishi ambayo mashine iliyasoma kwenye picha ili anakili tangazo, akakuta uchafu mtupu: mistari imepandana, maneno ya Kiswahili yamelazimishwa kuwa ya Kiingereza. Akamkumbuka Mzee Semkiwa na lile neno hakuna.

Magunia ya karatasi yalikuwa bado stoo yakisubiri kuchomwa. Akalitafuta jalada la kijiji cha mzee, akakata nyuzi, akapitisha upya kwenye skana ukurasa mmoja mmoja kwa nukta mia tatu, maana picha ya zamani hata ikikuzwa haiongezi kilichokosekana. Akanyoosha mistari, akaichagulia mashine Kiswahili. Kiswahili kilisaidia maneno ya kawaida. Jina la mtu halimo katika msamiati wa mashine, hilo lilihitaji herufi zionekane. Safari hii zilionekana. Semkiwa, ekari nne, mtoni.

Alimkuta mzee kwa binti yake, kajilaza kibarazani. Shamba lilikuwa limeshauzwa na kulimwa kwa trekta. Sikudhani akamweleza yote bila kujitetea, akasema wataomba ruhusa ya kukata rufaa ingawa muda wake umepita.

"Nisomee," mzee akasema.

Akasoma.

"Tena."

Akasoma tena.

"Mwanangu, siku ile ulitafuta kwa macho yako?"

"Hapana, baba. Niliuliza mashine."

Watoto wake, alisema mzee, walianza kumtazama kama mzee mwongo. Mkewe alirudi kwao Korogwe, akisema amelishwa hadithi ya shamba tangu usichana wake.

"Nami nikaanza kuwaamini," akasema. "Nikajiuliza labda baba alinidanganya."

Sikudhani akamwambia, "Twende sasa hivi Korogwe, nauli juu yangu, nimsomee mama mwenyewe."

Binti aliyekuwa akichambua mchicha mlangoni hakuinua kichwa. "Mama tulimzika mwezi uliopita, dada. Baba hakwenda. Aliona aibu."