Vidonge Nilivyoruka Ijumaa

Binti yangu alipoposwa, harusi ikawekwa miezi mitano mbele, nami nikaapa kwamba hina yake nitaichora mimi. Kazi yangu ndiyo hiyo: chumba cha juu ya duka la vitambaa Eastleigh, maharusi Ijumaa hadi Jumapili. Lakini kipandauso kilikuwa kinaniangusha siku kumi na mbili kwa mwezi, nikilala na ndoo kando ya kitanda.

Daktari wa kliniki ya mtaani aliniuliza kama nina pumu, akapima mapigo ya moyo, akaniandikia propranolol asubuhi na jioni. "Si ya kutuliza, mama. Ni ya kuzuia. Meza kila siku, kichwa kiume kisiume. Tupe miezi miwili, mitatu."

Wiki ya pili ya dawa vidole vikapoa kabisa, na ngazi za dukani zikaanza kunichosha. Bi harusi mmoja akauvuta mguu wake. "Woi, mikono baridi hivyo! Kwani umetoka mochari?" Shangazi yake akanong'ona kuhusu nuksi. Niliudhika, na niliona haya.

Basi nikawa naacha vidonge Ijumaa, narudia Jumatatu. Niliona nimekuwa mjanja. Jumamosi moyo ulinidunda kifuani, nikasingizia kahawa.

Miezi miwili ikapita, siku za kuugua ni zile zile. Nikamweleza daktari ukweli. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

"Hiyo dawa hatujaijaribu bado," alisema. "Na usiikate ghafla tena, moyo unaweza kukugeukia. Na kwa kuwa mikono baridi inakuharibia kazi, tutaipunguza polepole, tujaribu nyingine."

Halafu akaniandikia amitriptyline, kidonge kidogo cha jioni, cha kuongezwa taratibu. Mama yangu alikishika akakipindua. "Si hii wanapewa wenye huzuni?" Nikamwambia ni hiyo, ila dozi yangu ndogo, ya kichwa. Hakuamini.

Nilijiona nimefungwa. Kuacha, kichwa. Kumeza, mdomo mkavu kama unga, choo kigumu, asubuhi nikiamka mzito hata chai inanishinda kuchemsha. Daktari alisema nimeze mapema, saa moja jioni, na usingizi ule ukapungua kidogo. Kunenepa nilinenepa. Wiki ya nne sikuona nafuu yoyote, nikalia jikoni. Wiki ya nane nilihesabu kwenye kalenda siku za kuugua za wiki nne zilizopita: saba. Ya kumi, tano. Si kupona.

Siku ya hina ya binti yangu, mchana, nikiwa kwenye mguu wa pili, jicho la kushoto likaanza kuuma. Nikasita. Aliniona, akainuka na nyayo zake mbichi kwenda kufunga pazia, kama alivyokuwa akinifanyia tangu akiwa na miaka sita.

"Keti," nikamwambia. "Utaharibu hina. Nahitaji mwanga."

Akaketi, nikaendelea kuchora.