Sababu, Si Samahani

Asubuhi ile niliondoka Kilifi nikiwa na mfuko wenye bahasha tu ndani, bila mpango wa kulala popote. Nilikuwa napokea bidhaa katika karakana ndogo ya sabuni, na mafuta ya nazi ya mama mmoja wa Kaloleni yalikuwa yametufikia yamechacha kwa mara ya tatu. Kila mara alituletea samahani na kuku, nasi tukamla. Safari hii barua niliyobeba ilimtaka aeleze kwa maandishi chanzo cha kasoro na atakavyoirekebisha kabla ya Ijumaa ijayo, la sivyo tungeacha kununua kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuku hakutosha?"

Nilimpa barua. Aliisoma, akanirudishia. "Andika wewe. Si wewe uliyesema yananuka?"

Nilimwambia siwezi kuandika maelezo ambayo ni mimi nitakayeyapima.

"Na mimi sina mnunuzi mwingine."

Kila mmoja wetu alikuwa amebanwa. Hatimaye akachukua kipande cha mbata, nazi aliyokausha tayari kwa kukamuliwa, akakivunja. Nje kilikuwa kikavu, ndani kina unyevu.

"Mvua," akasema. "Naianua mbata mapema nikiogopa kunyeshewa."

"Hiyo ndiyo sababu mafuta yanachacha, mama. Andika."

Akaanza: Samahani sana.

"Futa hilo."

"Basi huondoki mpaka niimalize barua hii!" Akanionyesha kitanda cha kamba kando ya mbata. Nikaweka mfuko wangu juu yake.