Swali la Kumi la Nasambu

Nasambu alikuwa fundi wa nguo pale Manyatta, mwanamke wa Kibukusu aliyeletwa Kisumu na ndoa na kubakishwa na cherehani. Jezi za nusu ya timu za mtaa zilipita mikononi mwake, na mpira aliujua kuliko wengi waliozivaa. Ndiyo maana mwaka wa 1991, klabu ya vijana ya kanisa ilipotaka chemshabongo ya soka, walimwendea yeye. Alikaa wiki tatu akiandaa maswali kumi. Kila jibu alilihakikisha kwa kitabu cha sheria alichoazima kwa refa, na kwa magazeti ya zamani aliyofungia nguo za wateja. Kazi ya kuyasoma ukumbini wakampa Bwana Gordon, mlezi wa klabu, eti ana sauti. Sauti kweli anayo.

Mshindi angepata barua ya kwenda mafunzo ya marefa, nafasi moja tu. Lornah wa Obunga, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote. Jumapili alichezesha mechi za watoto kwa mluzi wa vidole, maana kipenga hakuwa nacho.

Kufikia swali la tisa walibaki wawili, Lornah na Tom wa Nyalenda, wamefungana, kila mmoja amekosa swali moja. Mpira ukirushwa kwa mikono kutoka pembeni, moja kwa moja golini mwa wapinzani bila kuguswa na mtu? Si goli, ni goli-kiki. Mshambuliaji akiwa sambamba na beki wa pili kutoka mwisho? Zamani ilikuwa ofsaidi, tangu mwaka jana si ofsaidi. Nchi ya kwanza ya Afrika kushinda mechi ya Kombe la Dunia? Tunisia, 1978, ilipoilaza Meksiko tatu kwa moja. Na lile la saba: je, refa anaweza kubadili uamuzi wake? Hilo Tom alilikosa. Lornah akasema anaweza, mradi mchezo haujaanza tena. Gordon akampa alama mwenyewe.

Kisha la kumi. "Mwaka wa 1987 Gor Mahia walichukua kombe la Afrika mbele ya Esperance. Mechi ya marudiano Nairobi iliishaje?"

"Gor walishinda mbili moja," Tom akasema, na ukumbi ukapiga makofi.

"Sare, moja moja," akasema Lornah. "Tunis ilikuwa mbili mbili. Kombe tulilipata kwa magoli ya ugenini."

Gordon hakuitazama karatasi. Jibu lilikuwa chini ya kidole gumba chake, kwa mwandiko wa Nasambu, naye Gordon anaangalia watu kama anayeomba kura. "Bingwa hawezi kutoka sare," akasema. "Tom ndiye mshindi."

Nasambu akasimama. Wiki tatu za macho yake, na huyu bwana ameshindwa kuinamisha shingo.

"Bwana Gordon, soma jibu nililoandika."

"Mama, wewe Mbukusu ni wa Ingwe, wapinzani wetu. Hatuwezi kukuachia habari za Gor yetu, K'Ogalo."

Watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma. Akawageukia. "Siku ile, nani alikuwa uwanjani Kasarani?"

Mikono ikainuka, karibu nusu ya ukumbi. Kwa hesabu hiyo Kisumu nzima ilihamia Nairobi.

"Haya, niambieni iliishaje."

Mikono ikaanza kushuka, mmoja mmoja, kimya kimya. Ukabaki mmoja, wa Mzee Dalmas, anayeziba pancha za baiskeli, shabiki tangu ujana wake.

"Moja moja," akasema. "Esperance walipofunga lao nilikalia kofia yangu hadi mwisho, kwa kuogopa. Nyathina, mtoto wangu huyu, amesema kweli. Na nyinyi mnaojidai mlikuwako, hata kombe lenu wenyewe hamjui mlilipataje."

Gordon akakunja karatasi. "Nimeshatangaza. Uamuzi wa refa ni wa mwisho."

"Swali la saba, Bwana Gordon," Lornah akasema polepole. "Alama ulinipa wewe. Barua bado unayo mkononi. Mchezo haujaanza tena."

Hakuna aliyecheka sasa. Tom mwenyewe akasema, "Mpe, bwana. Mimi nilikisia tu." Gordon akakohoa, akakunjua karatasi, akasoma jibu kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. Kisha akatoa kalamu na kuandika jina la Lornah kwenye barua.

Nasambu hakupiga makofi. Alikwenda mbele, akaichukua karatasi yake kutoka mkononi mwa Gordon, akaitia kwenye mkoba.

"Mwaka ujao," akamwambia, "nitasoma mwenyewe."