Tsundoku

Karani wa zamani wa kiwanda cha shaba cha Shituru hupangusa vitabu vyake kwa kiganja, kimoja kimoja, bila kukifungua. Mishahara ilikatika, yeye bado huvinunua kwa wanaohama. Mkewe, aliyeahidiwa siku ya ndoa kufundishwa kusoma, humtazama tu.

“Bajapani ba mgodi banaita hii tsundoku,” anasema kwa sauti ya ofisini. “Tsunde oku ni kurundika na kuacha. Kwa mchezo bakageuza oku kuwa doku, kusoma. Kifaransa iko na bibliomane, lakini ule ni mwenye wazimu ya kukusanya. Kiswahili haina jina.”

“Na bibi mwenye uliweka miaka makumi mbili bila kumufungulia hata kitabu kimoja, papa, banamuita namna gani?” mkewe anamuuliza.

Kiganja kinasimama juu ya jalada, kisha kinaendelea kupangusa.